Lengo la mwaka na lengo la leo: kuchora slaidi ya KPI yenye donati, buleti na rangi chache

Slaidi nyingi za KPI, yaani viashiria vya utendaji, hukwama kwenye swali moja la mwenyekiti: "Hiyo 65 ni nzuri au mbaya?" Mwandaaji ameweka mduara mzuri, ameandika asilimia 65 katikati, ameupaka kijani au nyekundu, lakini hakuna mahali pa kuona kwamba leo tulipaswa kuwa wapi. Kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai, asilimia 65 ya lengo la mwaka ni ushindi mwezi Desemba na ni tatizo mwezi Mei.

Tutatumia mfano wa Sacco ya kubuni mjini Busia, upande wa Uganda, yenye wanachama wafanyabiashara, waendesha bodaboda na mawakala wa forodha. Mwaka wake wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, kama ule wa serikali. Bodi inakutana mwanzoni mwa Aprili na takwimu zinaishia 31 Machi. Viashiria ni hivi: akiba mpya, lengo shilingi milioni 480, zimepatikana milioni 312. Mikopo iliyotolewa, lengo milioni 900, imefika milioni 630. Wanachama wapya, lengo 400, wamepatikana 322. Kisha mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, ambayo bodi imeamua isizidi asilimia 5 ya mikopo yote iliyo nje, na leo ni asilimia 7.2.

Kwa chati natumia PowerPoint ya kompyuta, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi za ofisi. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kwanza, tafuta lengo la leo

Kabla ya kugusa chati, kila kiashiria kipate namba mbili: lengo la mwaka, na kiasi ambacho kingekuwa kimefikiwa hadi leo kama mambo yanakwenda sawa. Njia ya haraka ni kugawa mwaka kwa miezi. Mwisho wa Machi ni miezi 9 kati ya 12, kwa hiyo asilimia 75. Kwa wanachama wapya hilo linatosha, maana watu hujiunga mwaka mzima.

Kwa akiba halitoshi. Muhula wa kwanza wa shule unapofunguliwa mwanzoni mwa mwaka, pesa ya mwanachama inakwenda kwenye ada, na akiba ya Februari hudorora. Halafu kabla ya vitabu kufungwa Juni, wengi huongeza akiba ili gawio lao liwe nene. Mhasibu akifungua daftari za miaka mitatu iliyopita na kuona kwamba kwa kawaida hadi mwisho wa Machi huwa imekusanywa asilimia 70 ya akiba ya mwaka, basi 70 ndiyo lengo la leo, yaani milioni 336. Tumefika 312, tumepungukiwa milioni 24. Mikopo, kwa hesabu hiyohiyo, tuseme hufikia asilimia 72 hadi Machi, yaani milioni 648.

Hatua hii ndiyo inayoamua rangi. Akiba ikipimwa dhidi ya 75, milioni 312 ni kama asilimia 87 ya ilipotakiwa kuwa. Ikipimwa dhidi ya 70, ni asilimia 93. Kama sheria yenu inasema chini ya 90 ni nyekundu, basi kosa la kugawa mwaka sawasawa limewasha taa nyekundu ambayo haikustahili, na meneja atatumia nusu saa ya mkutano kujitetea kuhusu ada za shule ambazo kila mtu mezani anazijua.

Donati ni ya nini

Donati inafaa pale tu penye kitu kizima chenye ukomo. Chukua kazi ya kuhakiki vitambulisho vya taifa vya wanachama. Sacco ina wanachama 1,240, na haiwezekani kuhakiki 1,241. Duara lililojaa lina maana: kazi imekwisha. Akiba si hivyo. Akiba inaweza kufika asilimia 108 ya lengo, na duara halina mahali pa kuweka hiyo 8. Litajaa tu na kunyamaza. Pia donati mbili zikikaa pamoja, jicho linalazimika kulinganisha mapinde, kazi ambayo huifanya vibaya kuliko kulinganisha urefu wa pau zinazoanzia mstari mmoja. Kwa hiyo donati moja kwa slaidi, kwa kitu kimoja, na ukijikuta unapanga donati nne mstarini, ujue ulihitaji pau.

Kwa vitambulisho, hadi leo wamehakikiwa 868, na lengo la leo ni 930. Nenda `Insert` > `Chart` > `Pie` > `Doughnut`. Kwenye jedwali linalofunguka, acha mistari mitatu tu ndani ya eneo la chati, na weka lengo la leo kwenye D2 na jumla ya wanachama kwenye D3, nje ya eneo hilo, kama pembeni mwa karatasi:

```
A2 Wamehakikiwa       B2 868
A3 Pengo hadi leo     B3 =MAX(0,D2-B2)
A4 Waliobaki          B4 =D3-MAX(B2,D2)
D2 930
D3 1240
```

Utapata 868, 62 na 310. Fomula zimeandikwa hivyo ili siku mkipita lengo la leo, pengo liwe sifuri badala ya namba hasi, na duara libaki jumla ileile. Mpini wa buluu unaozunguka data usiuburute hadi safu D, la sivyo 930 na 1240 zitaingia kwenye chati.

Bonyeza duara kwa kitufe cha kulia, `Format Data Series`, weka `Angle of first slice` iwe 0 ili lianzie juu, kwenye namba 12 ya saa ya ukutani, na `Doughnut Hole Size` kama asilimia 70. Tundu dogo linafanya donati kuwa nzito na kukunyima nafasi ya maandishi. Tundu kubwa mno linaacha uzi usioonekana mtu akiwa nyuma ya ukumbi. Futa kichwa cha chati na ufunguo wa rangi. Kipande cha kwanza kipe buluu ya kijivu iliyokolea, cha pili kijivu cha kati, cha tatu kijivu hafifu. Sasa msomaji anaona palipofikiwa, na kipande chembamba kinachomwambia umbali hadi pale tulipopaswa kuwa.

Katikati weka kisanduku cha maandishi: 70% kwa herufi kubwa, na chini yake "868 kati ya 1,240". Kumbuka kisanduku hicho hakijui chochote kuhusu chati. Mwezi ujao ukibadilisha 868 kuwa 955, duara litasogea na 70% itabaki pale pale, na hilo ndilo kosa linaloonekana mara nyingi zaidi kwenye slaidi za donati. Dalili yake ni rahisi kuigundua: robo tatu ya duara huishia kushoto kabisa, kwenye namba 9 ya saa ya ukutani, kwa hiyo kama kipande cha kwanza kimepita hapo na namba inasema chini ya 75, namba ni ya zamani.

Buleti: pau nyembamba juu ya mkanda

Akiba mpya, mikopo iliyotolewa na wanachama wapya viende kwenye chati ya buleti. Umbo hili lilibuniwa na Stephen Few katikati ya miaka ya 2000 ili lichukue nafasi ya vile vipimo vya duara vinavyofanana na dashibodi ya gari, ambavyo hula nafasi kubwa na kusema machache. Katika umbo lake la asili kuna pau nyembamba ya kilichofikiwa, kijistari kinachokatiza cha lengo, na mikanda ya rangi hafifu nyuma. Hapa natumia toleo rahisi lisilohitaji kijistari: mkanda wa kwanza unaishia kwenye lengo la leo, wa pili unaishia kwenye lengo la mwaka. Mipaka ya mikanda ndiyo malengo yenyewe. Napenda toleo hili kwa sababu kijistari wengi hukichora kwa mkono juu ya chati, na kitu kilichochorwa kwa mkono hakisogei data ikibadilika.

Kwa kuwa shilingi na watu havikai kwenye mhimili mmoja, kila kiashiria kigeuze kuwa sehemu ya lengo lake la mwaka. Ingiza chati ya `Stacked Bar`, kisha jaza jedwali hivi. Kumbuka kwamba pau za kulala hupangwa kutoka chini kwenda juu, hivyo mstari wa mwisho wa jedwali ndio utakaokaa juu kabisa. Weka akiba mwisho, kwa sababu ndiyo yenye habari. Usitumie kitufe cha kugeuza mpangilio wa mhimili; tunakwenda kuwa na mihimili miwili, na ukigeuza mmoja bila mwingine pau na mikanda zinaweza kutoelewana.

```
A2 Wanachama wapya     B2 0.75   H2 0.805
A3 Mikopo iliyotolewa  B3 0.72   H3 0.70
A4 Akiba mpya          B4 0.70   H4 0.65

C2 =1-B2
D2 =IF(H2/B2>=0.95,H2,0)
E2 =IF(AND(H2/B2>=0.9,H2/B2<0.95),H2,0)
F2 =IF(H2/B2<0.9,H2,0)
```

Fomula za mstari wa 2 ziburute hadi mstari wa 4. Vichwa vya safu B hadi F viwe Lengo la leo, Salio la mwaka, Kawaida, Angalizo, Hatua. Safu H, yenye kilichofikiwa, ibaki nje ya eneo la chati.

Sababu ya kuvunja kilichofikiwa katika safu tatu ni rangi. Wengi hubonyeza pau moja mara mbili na kuipaka kwa mkono. Inafanya kazi leo. Robo ijayo akiba inarudi kwenye mstari, data inabadilishwa, na pau inabaki na rangi ya angalizo kwa sababu rangi ilipewa nafasi, haikupewa thamani. Kwa safu tatu, kiashiria chenyewe kinahamia safu inayokistahili na rangi inafuata.

Sasa chagua mfululizo wa Kawaida, `Format Data Series`, uweke kwenye `Secondary Axis`. Fanya vivyo hivyo kwa Angalizo na Hatua. Mfululizo wa Hatua kwa sasa una sifuri tupu, kwa hiyo huna pa kuubonyeza. Nenda kichupo cha `Format`, kwenye orodha iliyo kushoto kabisa, uuchague kwa jina. Kisha `Gap Width` ya mikanda iwe kama 40% na ya pau iwe kama 200%. Pau zitakonda na mikanda itanenepa, ndipo umbo la buleti linapojitokeza.

Juu ya chati utaona mhimili wa pili wa namba umetokea. Hapa ndipo slaidi nyingi hudanganya bila mtu kukusudia. Mhimili wa chini unaweza kuishia 1.2 na wa juu ukaishia 0.9, na pau ya akiba ikaonekana imevuka lengo la leo ilhali haijafika. Ukificha tu maandishi ya mhimili wa juu, uongo unabaki umefichwa. Ubonyeze mhimili huo na ubonyeze Delete. Pau zitarudi kufuata mhimili wa chini. Kisha mhimili wa chini uufunge: `Minimum` 0, `Maximum` 1.1, ili atakayevuka lengo apate nafasi ya kuonekana. Kianzio kisipokuwa 0, urefu wa pau haumaanishi kitu tena.

Jaribio la kuthibitisha: kwenye H4 andika 1 kwa muda. Pau ya akiba lazima iishie mwisho wa mkanda wa pili, si kabla wala baada. Andika 0.7, nayo iishie pale mikanda miwili inapokutana. Ikipita jaribio hilo, rudisha 0.65, endelea.

Rangi: moja kwa ajili ya macho kutulia, mbili kwa ajili ya kazi

Kawaida ipake buluu ya kijivu, `#44546A`. Angalizo ipate chungwa iliyokolea, `#B45F06`. Hatua ipate nyekundu iliyotulia, `#B3261E`. Mkanda wa lengo la leo `#D9D9D9`, na salio la mwaka `#F0F0F0` lenye mpaka mwembamba wa `#A6A6A6`. Mpaka huo usiuache, kwa kuwa projekta ya ukumbi wenye madirisha wazi hufuta kijivu hafifu chote, na mkanda wa lengo la mwaka ukitoweka, chati imepoteza nusu ya maana yake.

Kijani hakipo, na hilo ni kwa makusudi. Kiashiria kinachokwenda vizuri hakiombi bodi ifanye lolote, kwa hiyo hakihitaji kupiga kelele. Ukipaka vitatu kijani na kimoja nyekundu, jicho linashughulika na pau tatu za kijani kabla ya kufika kwenye ile moja yenye kazi. Isitoshe, wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, wanaume zaidi kuliko wanawake, na mtu huyo hatainua mkono kwenye mkutano kusema. Tena Uganda rangi zina wenyewe: njano ya kung'aa na nyekundu ya kung'aa zinavaliwa kwenye mikutano ya kampeni, na mwaka wa uchaguzi utashangaa mjumbe anaona nini kwenye slaidi yako. Chungwa na nyekundu zilizokolea zinakuepusha na utani huo.

Rangi isibebe habari peke yake. Mwisho wa pau ya akiba weka maandishi: "Pungufu milioni 24". Kwa mikopo na wanachama namba ya kawaida inatosha, "630m kati ya 900m" na "322 kati ya 400". Chini ya slaidi, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, andika sheria: chungwa ni kati ya asilimia 90 na chini ya 95 ya lengo la leo, nyekundu ni chini ya 90. Sheria hiyo bodi iipitishe Julai, kabla namba hazijaanza kuingia. Mipaka ikipangwa Machi huku matokeo yako mezani, kila mtu atajua ilipangwa ili nani apone.

Kwa sheria hii, wanachama wako mbele ya mwendo. Mikopo iko asilimia 97 ya lengo la leo, haina rangi, ingawa kwa hesabu ya miezi 9 kati ya 12 ingeonekana iko nyuma. Akiba ni chungwa.

Kile ambacho kinapanda vibaya

Mikopo iliyochelewa usiiweke kwenye chati hiyohiyo. Mtu akigawa 7.2 kwa 5 anapata asilimia 144, na pau yake itakuwa ndefu kuliko zote, mwanafunzi bora darasani, wakati ndiyo inayoumiza Sacco. Wengine huigeuza kinyume, wakachora "asilimia 92.8 ya mikopo iko salama", na hiyo inapoza habari hadi hakuna anayeshtuka.

Ipe buleti yake ndogo chini ya zile tatu, yenye mhimili wake wa 0 hadi 10%. Mkanda mmoja tu wa kijivu kutoka 0 hadi 5, umeandikwa "kikomo". Pau ya 7.2 inautoka mkanda na kuchomoza nje, na hapo nyekundu ina haki yake. Acha nafasi kati ya chati hizi mbili, na upande wa kushoto wa hii ya chini uandike "Chini ni bora", kwa sababu msomaji aliyetoka kusoma pau tatu ambazo urefu ni heri atabeba mazoea hayo hadi ya nne. Hapa lengo la leo na lengo la mwaka ni kitu kimoja: kikomo hakingojei Juni.

Kichwa na kuhakiki

Kichwa cha slaidi kisiwe "Viashiria vya Robo ya Tatu". Kiwe jibu: "Akiba iko nyuma kwa milioni 24, mikopo iliyochelewa imevuka kikomo". Chini yake, tarehe: "Takwimu hadi 31 Machi". Donati ya vitambulisho ikae pembeni kulia, ndogo, na kama nafasi haitoshi iondoke kwanza yenyewe, maana haina uamuzi wa kuomba.

Halafu chapisha nakala moja bila rangi. Wajumbe wengi hupewa makabrasha yaliyotolewa fotokopi, na kwenye karatasi hiyo chungwa na buluu ya kijivu zote ni kijivu. Ukiweza bado kutambua kiashiria chenye tatizo kwa maandishi na kwa pau isiyofika mpaka wa mkanda, slaidi imekamilika. Ukishindwa, maandishi ndiyo yaliyopungua, usiongeze rangi. Faili ya kuonyesha ukumbini ihifadhi pia kama PDF, kwa sababu kompyuta ya ukumbi ikikosa fonti uliyotumia, 70% ya katikati ya donati inaweza kuvunjika mistari miwili na alama ya asilimia ikaangukia juu ya pinde.